Tyubu Isiyokuwa na Kosa

Zamani, hata miaka ile sabuni ilipoadimika, msichana wa Chome alinawa maji ya mfereji, akajipaka mafuta kidogo, akapendeza. Tangu iliposemwa ruksa kuingiza bidhaa za nje, uso mmoja unadai makopo kumi na bado unalia.

Hivyo ndivyo Mzee Asheri alivyowaza kila alipomtazama bintiye Wema. Wema na rafiki yake Nasrin waliuza vipodozi sokoni Same, na Wema alijipaka vyote kumi, asubuhi na jioni, maana wateja walitazama uso wake kwanza, kopo baadaye. Sasa uso huo uliwaka na kujaa vipele, na wateja wakahamia meza ya jirani.

Asheri akampeleka kwa Hedwiga, muuguzi mstaafu.

"Acha vyote," Hedwiga alisema.

"Mama, nitauza kwa uso gani?"

"Basi ondoa kimoja, ngoja wiki mbili, uone. Kisha kingine. Ukiondoa viwili pamoja, hutamjua mwovu."

Daftari la kuandika matokeo alilishika Asheri. Sabuni ya manukato ilitoka; hakuna badiliko. Yakatoka maji ya kufutia uso. Mwasho ukapungua kidogo, vipele vikabaki. Losheni, poda, krimu ya asubuhi na ya usiku, si hizo. Ikafika zamu ya tyubu ndogo ya kung'arisha, iliyovushwa mpakani Taveta bila hata karatasi ya maelezo. Siku ya nne uso ukavimba, ukawa mwekundu, ukatoa majimaji. Wema akairudisha, siku mbili tu, ukapoa.

"Mzee, ulitaka kumfukuza mganga!" Nasrin alimtania.

Asheri alikuwa amegawa maji ya mfereji miaka thelathini. Alijua kwamba ukiziba mlango wa maji na shamba likakauka, mlango huo ndio uliolilisha. Akaandika daftarini, mbele ya neno tyubu: *Haina kosa.* Wema akaviacha vile vitatu vilivyobaki, akabaki na tyubu peke yake, akiipaka mara tatu, kisha nne kwa siku.

Wakati huo Hedwiga alikuwa mbali, Bombo, akiuguza dada yake. Aliporudi miezi mitano baadaye na kusoma daftari, alilifunga polepole.

"Mwovu ni tyubu hiyo hiyo, Asheri. Ni dawa kali, ya kupakwa siku chache tu. Ngozi imeizoea, ukiinyima inavimba. Alipaswa aipunguze kidogo kidogo na avumilie, pengine miezi."

Asheri akateremka kutoka Chome hadi sokoni Same siku ileile. Ngozi ya uso wa Wema ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, mishipa myekundu ikionekana. Akamweleza.

"Siwezi, baba. Siku nne zile sizisahau. Na wewe mwenyewe uliandika."

"Niliandika vibaya, mwanangu."

"Shikamoo, mzee, tuna wateja," Nasrin akasema, akampa Wema tyubu na kioo. Wema akageuka upande, akaanza kujipaka. Asheri aliposhuka tena kumsihi, meza yao ilikuwa imehama; hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya mwisho kuwaona.