Unga Uliohesabiwa Pamoja na Sabuni

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, alikuwa mtu wa kuvaa soksi kwenye joto la Kibiti mwezi wa pili. Hilo peke yake lilitosha kunifanya nisimwamini. Alifanya kazi ya ofisi Dar es Salaam, na kila alipokuja alikuja na jambo jipya la kutustaarabisha. Safari moja alikuja na kompyuta iliyochakaa, ameitoa ofisini kwao walipoletewa mpya. Akaiweka juu ya meza ya dukani kwangu, akaifunika kitambaa kama mahari, akanifundisha kwa siku mbili huku akihema kila nilipokosea.

Mimi nilikuwa mwalimu kabla sijawa muuza duka. Niliacha chaki miaka ile biashara ilipofunguliwa, kila mwenye vijisenti akaingiza bidhaa, na mshahara wa mwalimu ukawa haununui hata nauli ya kuufuata. Nilikuja kutoka bara na mume, na nikaja na dharau yangu. Mume alifariki, dharau ikabaki. Watu wa mji waliendelea kuniita mwalimu, nami nikaendelea kuwasahihisha.

Kazi ya kompyuta ilikuwa hivi. Ukurasa wa kwanza niliandika kila kilichoingia na kila kilichotoka: tarehe, jina la bidhaa, idadi. Kilichotoka nilikiwekea alama ya kutoa. Ukurasa wa pili ulikuwa na jina la kila bidhaa mara moja tu, na mbele yake kompyuta ilijumlisha yenyewe. Unga, idadi. Sabuni ya unga, idadi. Taa, idadi. Jioni nikiwasha jenereta, nilichapa ya siku nzima, halafu nikasoma ukurasa wa pili kama mtu anayesoma kiganja chake.

Stoo ilikuwa chini ya mzee mmoja wa kijiji cha Mtunda, aliyenifanyia kazi mwaka wa sita huo. Alisoma mpaka darasa la nne. Alikuwa taratibu mno. Ukimtuma nyundo ungeweza kupika na kula kabla hajarudi. Nilimvumilia kwa kuwa hakuwa na maneno, na kwa kuwa kumtafuta mwingine kulihitaji juhudi.

Mvua za masika zikikaribia, ilikuwa lazima niagize mzigo mapema, maana barabara ikishageuka tope, lori la Dar lilikuwa halifiki na watu wa vijiji vya delta waliokuja kuchukua unga kwangu wangerudi mikono mitupu. Shemeji akaja kunisaidia kuagiza, bila kuombwa. Akafungua ukurasa wa pili, akasema unga upo mifuko arobaini na mmoja, tuagize michache tu. Mzee wa stoo, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema kwa sauti yake ya chini:

"Unga ndani kumi na saba, bwana."

Wakaingia stoo wakahesabu. Kumi na saba. Shemeji akatoka na uso wa hakimu.

"Mifuko ishirini na minne haipo," alisema, na akamtazama mzee. "Tuite polisi sasa hivi, au kwanza unatuambia ulimuuzia nani?"

Mzee alinitazama mimi. Wateja watatu walikuwa dukani, na wote waliacha walichokuwa wakinunua ili wasikilize vizuri.

Nikajibu mimi, na nilijibu kwa raha, maana nilikuwa nimemchoka shemeji na soksi zake.

"Huyu? Shemeji, acha kunichekesha. Huyu hana hata akili ya kuiba. Mifuko ishirini na minne! Angeanza kuitoa mwaka jana na mpaka leo asingemaliza."

Wateja wakacheka. Nami nikacheka. Mzee akainama akaokota kipande cha kamba sakafuni, akakisokotasokota, akarudi stoo. Nilijiona nimemwokoa.

Shemeji akasema nitajuta, nikamwambia anipishe kwenye kiti. Nilishaanza kuishuku kompyuta yake. Ukurasa wa pili ulidai nina taa sitini na tatu, na mimi maishani mwangu sijawahi kununua taa sitini na tatu. Taa zilikuwa kumi na mbili, zinaning'inia pale pale mbele yetu. Nikatafuta hamsini na moja zilizozidi ni nini. Tambi za taa zilikuwa arobaini, na madebe ya mafuta ya taa kumi na moja.

Nikarudi kwenye unga. Sabuni ya unga ilikuwa katoni ngapi? Ishirini na nne.

Sikutaka kumwambia kitu kabla sijawa na hakika, maana mtu kama yule ukimkosoa kwa kubahatisha anakuotea mapembe. Nikaenda ukurasa wa kwanza, nikaandika mstari wa uongo: sabuni ya unga, mia moja. Nikarudi wa pili. Sabuni ya unga ikawa mia na ishirini na nne, sawa. Lakini unga nao ukaruka kutoka arobaini na moja hadi mia na arobaini na moja.

"Njoo umwone mwizi wako," nikamwambia.

Alichungulia ile kanuni aliyoiandika mwenyewe. Neno unga lilikuwa limewekewa nyota mbele na nyuma, na maana ya nyota zile ni kwamba kompyuta ichukue kila mstari wenye neno hilo ndani yake, hata kama limezungukwa na maneno mengine. Kwa hiyo kila katoni ya sabuni ya unga ilihesabiwa mara mbili, mara moja kama sabuni na mara ya pili kama unga. Alikuwa tayari kumfunga mtu kwa ajili ya sabuni iliyojaa stoo.

Akatoa jasho, kisha akajitetea. "Nyota niliziweka kwa sababu yako, shemeji. Leo unaandika unga, kesho unga wa sembe, keshokutwa sembe unga mpya."

Akazifuta nyota ili anionyeshe. Unga ukawa hasi thelathini na mbili, kwa sababu ulioingia nilikuwa nimeuandika unga wa sembe na uliotoka nimeuandika unga tu. Mwalimu mzima. Nikaufuta mstari wangu wa uongo, na tukashinda siku ile na ya pili yake tukirudisha kila bidhaa kwenye jina moja, neno kwa neno. Mzigo tuliuagiza kwa hesabu ya mzee.

Siku ya tatu mzee akaniletea funguo za stoo. Nikamwambia ukweli umejulikana, hakuna aliyeiba, na mshahara nitauongeza.

"Nimesikia, mwalimu. Mie sina neno na bwana yule," alisema. "Yeye karatasi imemwambia mie mwizi, kaiamini. Karatasi imekosea, basi. Wewe ulipowaambia watu mie sina akili, nani alikuwa amekwambia?"

Akaziweka funguo juu ya kitambaa cha kompyuta, akaniaga kwa heshima kama kawaida yake, akaenda kwao.

Niliyemwajiri baada yake alikuwa kijana wa kidato cha nne, mwepesi, anajua kuandika jina la bidhaa vilevile kila mara. Alikuwa na akili za kutosha kabisa. Alianza kuniibia mwezi wake wa kwanza kazini.