Skrini ya Jumamosi
Hakuna kitu Fardosa alikichukia dukani kama ile ruta ya Wi-Fi juu ya kabati la vitenge. Tangu aanze kuwauzia watu wa mbali kwa video, duka lake la Nyamira mjini lilikuwa limepata uhai, na ruta ndiyo iliyokuwa ikimharibia. Wiki iliyopita ilimgandisha mbele ya mama mmoja wa Eldoret anayemuoza binti yake. Mama huyo alimpa nafasi moja tu: Jumatatu asubuhi aonyeshwe vitambaa vya harusi nzima, na picha ikiganda tena, ananunua kwingine.

Ochoki, fundi wa mtandao, alimwomba apige picha ya skrini ya programu ya kupima Wi-Fi. Fardosa alipata nafasi Jumamosi mchana, jengo likiwa kimya. Akaona vilima vya rangi vimepandana, na kila namba ina alama ya kutoa. Mtandao wake ulikuwa kwenye njia ya mawimbi iitwayo chaneli 11, ukisoma -42, umebanwa na mingine miwili ya -50 na -53. Chaneli 1 ilikuwa na miwili ya -84 na -86. Akaituma kwa Ochoki.

Ochoki alipiga simu jua lilipozama, akitoka kanisani.

"Fundi, kuna jirani ana themanini na nne. Mimi na arobaini na mbili yangu nitamuweza wapi?"

"Hapana, mama Uzair. Hizo ni hasi. Iliyo karibu na sufuri ndiyo ina nguvu. Yako iko poa, shida ni kubanana huko kumi na moja. Sita iko tupu kabisa. Wacha nikuhamishie huko kutoka hapa nilipo."

Jumatatu, Fardosa akiwa amemkunjulia mama wa Eldoret hariri nyekundu, picha ikaganda, ikarudi, ikaganda, kisha simu ikakatika. Akapiga picha nyingine ya skrini kwa hasira, akaituma. Chaneli 6 ilikuwa na mitandao mitano ya watu wengine, mmoja ukisoma -46.

Ochoki akampigia. "Ile ya kwanza ulipiga siku gani?"

"Jumamosi."

"Sabato," akasema kwa unyonge.

Duka la dawa, saluni, mpiga chapa, karibu ghorofa nzima ni Wasabato. Ijumaa kabla ya magharibi hufunga na kuzima umeme, na ruta zao huzimika pia hadi Sabato iishe.

"Na wewe si Msabato? Hukujua?" Fardosa alifoka kwa hasira, na nusu yake ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe.

"Najua wanafunga. Sikufikiria kuuliza picha ni ya lini. Nakupeleka kwenye chaneli namba moja. Hata kwenye picha ya leo, wale wawili wa huko wako mbali, hawatakusumbua sana."

Akamhamisha. Fardosa akampigia shemeji yake wa Keroka kujaribu, na picha ikatulia, hata shemeji akaona nyuzi za hariri. Wakiwa bado wanaongea, ujumbe wa Eldoret ukaingia bila kuchelewa: "Asante dada, tumeshapata kwingine."