Jenereta Halina Mwenyewe

Katika kampuni ya vyumba vya baridi wanamwita Mama Muhtasari, na si kwa mapenzi. Kila Jumatatu timu hukutana, kompyuta hunasa maneno yote, na yeye hubaki na kurasa ishirini za mizaha, malalamiko ya maegesho na sentensi zisizo na mwisho. Kabla ya chakula cha mchana huwa amezipunguza hadi nusu ukurasa: kilichoamuliwa, nani atakifanya, lini.

Ana masharti yake. "Tutaangalia" si uamuzi. "Sisi" si mtu. Na asiyekuwepo hapewi kazi mpaka aulizwe.

Jumatatu hiyo meneja alimjia mezani. Kwenye rasimu alikuwa ameona: *Jenereta bovu la akiba: halijaamuliwa.*

"Dada, hili tulilimaliza. Andika fundi mkuu, mwisho Ijumaa."

"Fundi mkuu alikuwa kwa mteja, bosi."

"Nilimtaja."

Mama Muhtasari akarudisha maandishi hadi mahali penyewe, akasoma kwa sauti kavu: "'Hilo fundi atalishughulikia, si ndiyo?' Kisha mhasibu anauliza nani ameegesha gari mbele ya geti. Hakuna aliyekujibu."

"Kunyamaza ni kukubali."

"Kwa bibi harusi, labda."

Dawati la pili mtu alikohoa ili asicheke.

Kila mtu pale ofisini alijua fundi ana barua mbili za onyo, zote kwa kazi alizopangiwa akiwa hayupo. Ya tatu ingemtoa getini. Mama Muhtasari alijua pia kwamba kipuri cha jenereta hakijaagizwa, na anayeidhinisha manunuzi ni meneja.

"Unajua mkataba wako unaisha mwezi huu?" meneja akauliza, taratibu.

"Najua. Tarehe niliiandika mwenyewe kwenye kalenda yako."

Akageukia kompyuta. Chini ya mstari ule akaongeza: *Fundi hajaulizwa. Kipuri hakijaagizwa. Anayepaswa kuamua: meneja.* Akatuma kwa timu nzima, fundi akiwemo, meneja akiwa bado amesimama nyuma yake.

Simu ya meneja ikalia mfukoni. Ilikuwa arifa ya ujumbe huohuo. Muda mfupi baadaye ikaita. Alikuwa fundi mkuu, na sauti yake ilisikika hadi dawati la pili.

"Bosi, shikamoo. Nimeona muhtasari. Kipuri kikifika leo, Ijumaa nafunga. Kisipofika, mimi nifunge nini, upepo?"

Meneja alilitupia jicho dawati la pili. Kisha akasema ataagiza.

"Leo?" akauliza Mama Muhtasari, vidole vikiwa tayari.

"Leo!" Akakata simu. "Na wiki ijayo muhtasari atauandika mtu mwingine."

"Aandike," akajibu, huku akipiga chapa: *Kipuri: meneja, leo.* "Huo nao ni uamuzi. Nani atamwambia huyo mtu? Niweke jina lako?"