Siku Mdogo Wangu Alinyamaza

Mdogo wangu alilelewa Kuresoi na nyanya yetu, tunayemwita kogo, na huko ni Kikalenjin tu. Mama alimleta Nakuru akiwa na miaka mitatu, akaingia nasari, na akanyamaza. Muhula ukaisha bila neno, hata nyumbani, ambapo sisi ni Kiswahili na sheng. Mwalimu alisema pengine ubongo una shida. Mimi, ambaye huchekesha watu hata matangani, niliishiwa na mizaha.

Hospitalini, mtaalamu wa usemi alimwambia mama, “Mathe, mtoto akiingia lugha mpya anaweza kukaa kimya kwanza, akisikiliza. Kuwa na lugha mbili si ugonjwa. Ninachoogopa ni kama amenyamaza hata kwa ile yake. Hebu pigia nyanya.”

Simu ililia, ikalia. Mama akaisogeza karibu na mtoto. Kogo akashika, akamwita mtoto. Mtoto akaitazama ile simu. Mama akafumba macho.

“Kogo!” mtoto akaita. Halafu Kikalenjin kikamwagika, hata pumzi havuti.

“Ameongea!” nikapiga kelele. “Ati anasema nini?”

Akanigeukia, amekunja uso. “Nyamaza wewe! Si unaona naongea na kogo?”

Kiswahili kabisa, tena kwa sauti yangu ile ya kufukuza kuku. Kisha akaiangalia simu na kuendelea na Kikalenjin pale alipoachia. Mtaalamu alicheka. Mama alikuwa analia, na mimi nikanyamaza kama nilivyoambiwa.