Chumba Cheusi Kwenye Ratiba ya Wiki

Ratiba iliyotutawala pale Ilemela niliitengeneza mwenyewe, na siku ilipotoka kwenye mashine nilijisifu nayo. Nilikuwa nachapa kwenye duka la huduma za ofisi mjini Mwanza, miaka ile ambayo kila mtu alifungua biashara na kila biashara ilitaka barua yenye nembo. Tulikuwa na kompyuta mbili, printa moja ya leza ambayo mama mwenye duka aliifunika kitambaa kama redio ya sebuleni, na mashine ya fotokopi iliyochoka. Nilikuwa na wepesi wa mikono na ulimi mkali. Vyote viwili vilinifaa kazini, nyumbani kimoja tu.

Nyumbani maana yake ni kwa kaka yangu mkubwa. Alinitoa Bukoba nilipomaliza kidato cha nne, akanipa chumba cha nyuma kwenye nyumba yake iliyokaa juu ya mawe. Alikuwa ofisa katika shirika la umma, na shirika likauzwa. Mwekezaji alipoingia, aliwapeleka maofisa wote kwenye semina ya matumizi ya muda, na kaka akarudi na karatasi moja ya Kiingereza aliyoishika kwa ncha za vidole. Kwenye karatasi hiyo wiki ilikuwa imekatwa vipande vya saa moja moja. Juu palikuwa na mistari mitatu ya mambo ya kutangulizwa, na chini safu za viboksi vya kuweka tiki kila siku ukitimiza tabia njema. Alisema wenzake wawili waliodharau karatasi ile tayari wamepewa barua za kupunguzwa kazi. Sikumcheka. Niliona alivyoishika karatasi ile, na nilimhurumia.

Akaniomba niitengeneze kwa Kiswahili. Niliilaza karatasi ya A4 ili siku saba zipate nafasi, nikachora jedwali la safu nane, ya kwanza ikiwa ya saa. Mara ya kwanza Jumapili ilikatwa pembeni, kwa sababu printa ile haikuweza kuchapa hadi ukingoni, basi nikapunguza upana wa kila siku kidogo kidogo mpaka Jumapili ikaingia. Saa zilianza kumi na mbili asubuhi na kuishia tatu usiku. Viboksi nilivitoa kwenye herufi za alama za kompyuta, nikavikuza vikatosha ncha ya kalamu. Mama mwenye duka aliigeuza mwangani akasema ni kazi safi. Nikarudi nyumbani nimevimba kichwa.

Kaka aliishika, akatabasamu, akasema nitoe nakala nne kila wiki: yake, ya mke wake, yangu, na moja ya akiba.

Ya wifi ilidumu wiki moja. Yeye aliuza mitumba kwenye mnada wa Kisesa, na alimwambia mumewe kwa upole kabisa kwamba wateja wake hawajahudhuria semina. Akaifungia maandazi. Mimi sikuwa na mnada wa kukimbilia. Jumapili baada ya chakula kaka alikaa nami mezani na rula, tukajaza karatasi yangu pamoja. Kuchemsha maji ya kunywa, kufagia uwanja, kazini, kuchota maji, kupika, kumsimamia binti wa kaka masomo. Maji ndiyo yaliyokula muda. Bomba halikuwa na nguvu ya kupanda kwenye mawe, kwa hiyo tulishuka kwenye koki ya chini na kupanda tena, ndoo kichwani, kwenye njia ambayo hata mbuzi waliifikiria kwanza. Kazi zile nilikuwa nazifanya siku zote bila kinyongo. Lakini zilipoandikwa zilibadilika, sijui niseme vipi. Mwanzo nilikuwa mtu anayefanya kazi, sasa nikawa chombo kilichopangiwa zamu.

Nilipoacha chumba kitupu kwenye jedwali, kwa mfano Alhamisi jioni, kaka alikigonga kwa kalamu na kuuliza hapa pana nini. Nikijibu hapana kitu, aliandika kitu. Hakuwa mkatili. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba nafasi nyeupe ndiyo iliyowafukuzisha kazi wale wenzake.

Mama mwenye duka akaleta habari. Anaagiza kompyuta mpya ya kupangia kurasa za vitabu na vijarida, na kuna mwalimu ameanzisha kozi ya kazi hiyo mjini, Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa moja. Atakayeimaliza ndiye atakayeikalia mashine. Kama si mimi, atamtafuta mwingine, na mimi nitabaki kuchapa barua za watu mpaka vidole viote sugu. Majina yalikuwa yanafungwa wiki ile ile. Niliitaka kozi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kutaka. Nilikuwa tayari nimeshaona, kwenye jedwali lile lile la ratiba, kwamba mpangilio wa ukurasa ni kitu ninachokijua bila kufundishwa, na kwamba kuna mlango mahali fulani.

Jioni nilimwamkia kaka, nikamwandalia chai, nikamweleza. Alisikiliza vizuri. Kisha akaichukua ratiba yangu ukutani, akailaza mezani.

"Nionyeshe itakaa wapi," alisema.

Nikatazama. Jumanne saa kumi na moja maji, kumi na mbili kupika. Alhamisi vivyo hivyo. Karatasi nzima ilijaa mwandiko wangu na wake, ndani ya mistari niliyoichora mwenyewe, na niliipima kwa macho kama ninavyopima ukurasa wa mteja, nikitafuta pa kusogeza. Hapakuwepo. Ningeweza kumwambia kwamba karatasi ni karatasi tu. Ila kwa kaka haikuwa karatasi tu, na nyumba ilikuwa yake.

Siku mbili nilifanya kazi zangu kama zilivyoandikwa. Siku ya tatu aliniita, uso umemfunguka. Amepata njia. Binti yake yuko darasa la nne, amekua, anaweza kuchota maji kwa ndoo ndogo na kubandika maharage mimi nikiwa darasani. Jumanne na Alhamisi tu.

"Mtengenezee na yeye ratiba yake," aliniambia. "Viboksi vyake viwe vikubwa, avipende."

Nilifurahi. Nasema kweli, furaha ilikuja kwanza, na jina langu nililiandikisha asubuhi iliyofuata kabla hata sijafungua duka. Mengine yalinijia baadaye, nikiwa mbele ya kioo cha kompyuta, nimelifungua jedwali langu na kufuta jina langu juu ili niandike la mtoto. Niliona jinsi itakavyokuwa. Kaka atajaza Jumanne na Alhamisi kama alivyosema. Kisha ataziona Jumatatu na Jumatano na Ijumaa zimekaa wazi, na kalamu iko mkononi.

Kwa hiyo nilichukua vyumba vitano vya saa kumi jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, nikaviunganisha kuwa kimoja kirefu, nikakijaza weusi mtupu. Hapo kalamu ya wino haiwezi kuandika kitu kikasomeka. Nilijaribu kutoa nakala kwenye fotokopi, lakini mashine ile ilififisha weusi katikati ukawa kijivu, na kwenye kijivu mtu anaweza kuandika. Basi ya mtoto niliichapa kwenye leza kila wiki, nyeusi tii. Mama mwenye duka alilalamika kwamba namaliza wino wake, nikamwambia anikate kwenye mshahara.

Kaka aliupitishia kidole mkanda ule akauliza ni nini.

"Hapo hapaandikwi," nilimwambia.

Ajabu ya kaka ni kwamba aliheshimu kitu kilichochapwa. Ningemwomba kwa mdomo saa moja ya mtoto kucheza, angenipa hotuba. Kwa kuwa ilitoka kwenye printa, aliikubali, akajaza pembeni mwake mote. Kusoma kwa sauti, kupanga viatu, kukunja nguo, maji, maharage, siku zote tano. Chini kulikuwa na viboksi vya tabia: kupiga mswaki, kusali, kunawa mikono, kutojibu wakubwa, kuchota maji kwa saa yake. Mtoto aliipenda kupita kiasi. Aliibandika juu ya kitanda chake akawa anaweka tiki kwa kalamu nyekundu, ulimi nje.

Nami nikaenda kozi. Nilikaa mstari wa mbele, mwalimu akasema jicho langu limezaliwa na rula ndani, na nikirudi nyumbani gizani nilikuta maharage yameiva na pipa limejaa hadi nusu. Nilijiambia nimeshinda.

Jumatano moja umeme ulikatika mchana na mama akafunga duka mapema. Nilipanda mawe yetu saa kumi na kitu, jua bado kali, na kivuko cha Kamanga kilikuwa kinaingia polepole kule chini. Watoto wa majirani walikuwa wanateleza kwenye jiwe pana lililo chini ya nyumba kwa makuti na makaratasi, makelele yamejaa mtaa. Wetu alikuwa amekaa peke yake kwenye ngazi ya mlango, magoti pamoja, na kando yake ameweka saa ya mezani ya mama yake.

Nikamuuliza mbona hachezi.

"Niko kwenye cheusi, shangazi."

Nikamwambia cheusi ndiyo maana yake acheze. Akatikisa kichwa. Alisema akicheza huwa anasahau, na akisahau saa kumi na moja itampita na kiboksi cha maji kitabaki kitupu, na baba atauliza. Kwa hiyo anakaa. Alisema kukaa siyo kugumu, akishazoea.

Kisha akaingia ndani akaniletea karatasi yake, kwa adabu, kwa mikono miwili. Chini kabisa, baada ya mstari wa mwisho wa tabia, alikuwa ameongeza mstari wa kwake kwa penseli na rula. Alikuwa ameandika "Kukaa kwenye cheusi", na mbele yake amechora viboksi vitano, pembe zote zimenyooka kuliko nilizowahi kuchora mimi katika umri ule. Viwili vilikuwa na tiki. Cha Jumatano alikuwa anakisubiri.

"Shangazi, wiki ijayo unichapie na hiki," alisema. "Vya kuchora vinafutika."

Chini kule watoto waliendelea kuteleza. Nilitaka kuichana karatasi ile, na nilitaka kumshika mkono nimteremshe kwenye jiwe kwa nguvu, halafu nikafikiria kesho Alhamisi, saa kumi na moja, na mwalimu aliyesema kesho ndipo tunaanza kurasa za kitabu. Nikaitazama saa. Ilikuwa imebaki robo.

"Haya, nitakichapa," nilimwambia. Nikakaa naye ngazini mpaka robo ile ikaisha, akaweka tiki yake, akachukua ndoo.