Ummy na Ndoo ya Ubuyu

Siku ya kwanza ya mazoezi ya kufundisha, katika skuli moja ya mtaa wa Ng'ambo, Ummy alimwamkia Mwalimu Saud, aliyepangiwa kumwongoza. Badala ya chaki, akakabidhiwa ndoo ya ubuyu.

"Kauze kwanza. Nnataka irudi tupu, au alama utazisikia kwa wenzio."

Wiki ya pili wanafunzi walishamwita Mwalimu Ubuyu, na darasa hajalishika. Bila ya alama chuo kisingempitisha. Akampigia simu Bi Abeer, mratibu wa mazoezi chuoni.

"Andika kilichotokea, siku gani, na nani alishuhudia, uniletee. Usitie chumvi."

"Na pilipili je, Bi Abeer? Imo ndani ya ubuyu."

"Hiyo andika."

Bi Abeer akaja, akamsikiliza Ummy, kisha Saud, mbele ya mwalimu mkuu. Saud akadai eti alikuwa akimfundisha ujasiriamali, akamwonjesha mratibu ubuyu. Mratibu akaonja, akausifu, na papo hapo akamhamishia Ummy kwa mwalimu mwengine.

Ummy alifundisha, akapimwa, akapita. Saud hapewi tena mwanafunzi wa chuo. Ubuyu anauza mwenyewe, na watoto wanalalamika kuwa kipimo kimepungua.