Cheti Changu Kwenye Ukuta wa Bosi

Kazi ya nywele na uso nilijifunza saluni, si darasani. Chuo cha ufundi kilipotangaza kuwapima mafundi wa mtaani, nilijiandikisha. Wakaja kunipima palepale kazini, nikafaulu. Cheti kilipotoka, bosi wangu akakipokea kwa vigelegele, akakitia fremu, akakitundika juu ya kioo kikubwa. Jina langu akaliziba kwa maua ya plastiki. Wateja wakawa wanampongeza yeye. Ninaona haya hadi leo kwamba nilinyamaza.

Nilipoacha kazi, nilikiomba mara tatu.

"Kilipotea tulipopaka rangi," alisema, na fremu iko nyuma ya kisogo chake.

Nikapanga chumba cha saluni hapohapo Mchafukoge, ng'ambo ya barabara, mkabala na saluni yake, makusudi. Nilitaka anione kila asubuhi akifungua mlango. Nikashughulikia mkataba wa pango, namba ya mlipakodi, uthibitisho wa kodi, kisha leseni ya halmashauri. Afisa afya alikagua maji, hewa na ninavyotakasa mikasi, akaridhika. Leseni nikaibandika panapoonekana.

Wiki ya pili afisa yule akarudi. Kuna mtu amelalamika kwamba nawapaka watu dawa za uso bila kusomea.

"Leseni yako nimeiona, dada. Lakini kemikali za uso ni jambo lingine. Cheti cha ufundi unacho?"

"Ninacho."

"Kiko wapi? Nisipokiona leo, huduma za uso unasimamisha."

Huduma za uso ndizo zilizokuwa zinanilipia pango. Hasira ikanipanda, na sitaficha, ilikuwa tamu. Nilichukua kitambulisho changu cha taifa.

"Kiko kwa aliyelalamika. Twende." Tukivuka barabara nikamweleza habari ya fremu na maua.

Bosi alikuwa anamsuka mteja. Wengine wawili walikuwa chini ya draya. Alipotuona akatabasamu, akidhani nimeletwa kumwomba msamaha.

"Karibu, afisa."

"Asante, mama. Yale maua, naomba uyatoe."

"Ni pambo tu hayo."

"Yatoe."

Hakusogea, na mimi sikumsubiri. Nilivua viatu, nikapanda kiti cha wateja, nikayang'oa. Afisa akasoma jina, akatazama kitambulisho changu, akasoma tena.

"Na cha kwako, mama, kiko wapi?"

Mteja mmoja alizima draya ili asikie vizuri. Bosi akashika kitana kwa mikono miwili. Afisa akafungua daftari, akamwambia kuanzia siku ile huduma za uso hapo zisimame mpaka apate fundi mwenye cheti.

Ningeweza kusema neno la huruma. Nilikuwa nalo, nikalimeza. Nilishusha fremu, ukutani pakabaki mraba usiofifia wa rangi ileile ya zamani, ile aliyodai kuipaka upya.

Kisha nikapanda tena kitini nikaung'oa na msumari wake.